Rojo la Mishkaki: Nyama Ilale Siku Ngapi, na Linalobaki Lifanyweje

Kwenye kijiwe cha mishkaki, pembeni ya jiko la mkaa, hakukosekani beseni la nyama iliyolala kwenye viungo na bakuli lenye brashi. Mara nyingi kilichomo bakulini kimechotwa mle mle kwenye beseni. Mchomaji anachovya brashi, anapaka mishkaki inayoiva, anageuza vijiti, anapaka tena. Nyumbani mambo ni hayohayo, ila pale kuna maswali mawili zaidi. La kwanza ni la kabla ya shughuli: nyama ya Jumamosi inaweza kutiwa viungo tangu Jumatano? La pili ni la baada yake: kikombe kizima cha rojo lenye ndimu, tangawizi na kitunguu saumu kimebaki chini ya beseni, na roho inasita kukimwaga. Je, hakiwezi kulowekea nyama nyingine, au kuwa mchuzi?

Majibu ya maswali yote mawili yanatoka mahali pamoja. Rojo likishagusana na nyama mbichi, nalo linahesabiwa kuwa nyama mbichi.

Ndimu na chumvi havihifadhi nyama

Wengi tumelelewa tukiamini kwamba nyama iliyotiwa ndimu, siki na chumvi imekwisha kulindwa, hivyo inaweza kukaa. Imani hii ina chembe ya ukweli. Vijidudu vinavyooza chakula havipendi uchachu mkali wala chumvi nyingi. Tatizo ni kiasi. Kilo moja ya mishkaki hutiwa ndimu moja au mbili na vijiko viwili vya chai vya chumvi, ambavyo ni kama gramu 12. Maji ya ndimu ni makali sana yakiwa peke yake, lakini yakichanganyika na kilo nzima ya nyama na majimaji yake, ukali huo hupungua haraka, kwa sababu protini za nyama hupooza uchachu. Kinachobaki kinatosha kuleta ladha, hakitoshi kuua. Chumvi nayo ni ileile hadithi. Papa wa ng'onda hudumu kwa sababu amefunikwa chumvi kisha akakaushwa hadi maji yamemtoka, ilhali nyama ya mishkaki imeloa chepechepe na chumvi yake ni ya kukoleza tu.

Kwa hiyo kinachoilinda nyama wakati imelala kwenye viungo ni ubaridi. Jokofu linapaswa kuwa na nyuzi 4 za Selsiasi au chini ya hapo. Hapo vijidudu vingi vinavyoleta maradhi, kama salmonela, husimama au huongezeka kwa mwendo wa kinyonga. Juu ya hapo, hasa kwenye joto la jikoni zetu la nyuzi 28 au 30, baadhi yake huweza kuongezeka maradufu kila baada ya dakika 20 hivi. Kijidudu kimoja kikipata mwendo huo kwa saa nne, kinakuwa zaidi ya 4,000. Ndiyo maana kanuni ya kawaida ya usalama wa chakula ni kutoacha nyama mbichi nje ya jokofu zaidi ya saa mbili, na saa moja tu joto likipita nyuzi 32. Saa hizo hujumlishwa: dakika 40 za kutoka buchani, nusu saa ya kukatakata, na dakika 20 za kusubiri mkaa ukolee, zote ziko kwenye hesabu moja. Kuwamo kwa viungo hakuongezi hata dakika.

Siku mbili kwa vipande, tano kwa mnofu mzima

Idara ya Kilimo ya Marekani, ambayo miongozo yake kuhusu nyama hufuatwa katika nchi nyingi, inatoa ukomo ulio rahisi kukumbuka. Nyama ya ng'ombe, mbuzi au kondoo iliyo katika mapande makubwa, kama steki au paja la kuoka, inaweza kukaa kwenye viungo ndani ya jokofu hadi siku tano. Kuku ni siku mbili. Na nyama nyekundu iliyokatwa vipande vidogo, hata kama ni ya ng'ombe, nayo ni siku mbili.

Hapa ndipo wapishi wa mishkaki wanapoteleza. Wanasikia kwamba nyama ya ng'ombe inaruhusiwa siku tano, wanasahau kwamba yao imekatwakatwa. Katika mnofu mzima, vijidudu karibu vyote viko juu, kwenye uso ulioguswa na kisu, mikono na meza ya bucha. Ukiukata mnofu huo vipande vya sentimita tatu, umeongeza uso mara nyingi, na kila uso mpya umepitiwa na kisu kilekile na mikono ileile. Vijidudu vimesambazwa kotekote, na rojo linavibeba kutoka kipande kimoja hadi kingine. Ukiidunga nyama kwa uma ili viungo viingie, umevisukuma na ndani.

Siku hizo zinaanza kuhesabiwa pale nyama inapoingia kwenye jokofu ikiwa bado nzuri. Nyama iliyoshinda buchani imetundikwa kwenye joto hadi jioni imekwisha kula sehemu ya muda wake kabla hujaitia hata chumvi. Anayetaka kuilaza aifuate asubuhi, akaifikishe nyumbani moja kwa moja.

Halafu kuna chombo. Beseni la kilo tano, limejaa nyama vuguvugu iliyochinjwa alfajiri, likisukumwa kwenye jokofu la nyumbani, katikati yake huchukua saa nyingi kupoa. Nje unagusa baridi, ndani joto lingalipo. Dawa yake ni kugawa: vyombo viwili au vitatu vyenye kina kifupi, nyama isizidi unene wa vidole vinne, vifunikwe, viwekwe rafu ya chini kabisa ili majimaji yasidondokee kachumbari au matunda. Chombo kiwe cha kioo, plastiki ya chakula, chuma kisichoshika kutu au kilichopakwa enameli. Sufuria ya alumini haifai, maana ndimu na siki huila alumini, na nyama hutoka na ladha ya chuma na rangi ya kijivu.

Umeme ukikatika, jokofu lililofungwa bila kufunguliwafunguliwa huhifadhi ubaridi wake kwa saa nne hivi. Mgao ukivuka hapo, nyama iliyolowekwa haina upendeleo wowote kuliko nyama nyingine.

Siku za ziada zinaleta nini?

Tuseme ubaridi uko sawa na siku hazijapita. Je, nyama ya siku mbili ni tamu kuliko ya usiku mmoja? Si kwa kiasi ambacho watu hudhani.

Katika viungo vyote vya rojo, chumvi ndiyo inayosafiri kweli kuingia ndani ya nyama. Mwanzoni huvuta maji nje, kisha maji hayo yenye chumvi hurudi taratibu, na nyama ikipata moto inashikilia majimaji yake vizuri zaidi. Kwa kipande cha sentimita tatu, usiku mmoja unatosha kuifikisha chumvi katikati. Kitunguu saumu, bizari, pilipili manga na vinginevyo vinaishia milimita chache kutoka juu, hata ukivipa wiki. Ladha kali ya mishkaki tunayoipenda ni ya ngozi ya nje, ile iliyopakwa viungo na kuguswa na moto wa mkaa.

Vitu vinavyolainisha ndivyo vinavyodai saa. Papai bichi, pamoja na utomvu wake, lina kimeng'enya kiitwacho papeini ambacho hukata protini. Nanasi lina chake, na tangawizi mbichi ina chake kilicho dhaifu kidogo. Papeini haibagui nyuzi ngumu na laini: inakula uso wa nyama mpaka uishiwe na iendelee. Kwenye jokofu inakwenda polepole, lakini haisimami, na nyama inapopashwa moto, kati ya nyuzi 60 na 70 hivi, hupata kasi yake kubwa kabla ya kuharibiwa na joto la juu zaidi. Kwa hiyo mishkaki iliyolala na papai siku nzima inaweza kuonekana sawa asubuhi, kisha ikafika jikoni ikawa na ngozi ya uji nje na nyama ngumu ndani, na vipande vikaanza kukatika kwenye vijiti. Kijiko kikubwa kimoja cha papai bichi lililosagwa kwa kilo, kwa saa moja au mbili kabla ya kuchoma, kinatosha.

Ndimu na siki vinaharibu kwa njia nyingine. Uchachu mkali hukaza protini za juu na kuzifanya nyeupe kijivu, kana kwamba zimeiva, na zikizidi kukaa hukauka na kuwa kama chaki mdomoni. Weupe huo umewapotosha wengi, maana haumaanishi kwamba nyama imeiva wala kwamba vijidudu vimekufa. Mtindi ni mpole zaidi, na nyama yake inaweza kulala usiku mzima bila kudhurika.

Ukiziweka hizi pamoja, utaona kwamba muda wa usalama na muda wa utamu si kitu kimoja. Jokofu linaweza kukuruhusu siku mbili, huku papai likikuruhusu saa mbili. Suluhisho ni kutovitia vyote kwa pamoja.

Kilo mbili za Jumamosi

Chukua mfano wa shughuli ya Jumamosi jioni na kilo mbili za steki iliyonunuliwa Alhamisi mchana. Nyama ikifika, ikate vipande vya sentimita tatu, uondoe mishipa migumu. Katika bakuli kavu, changanya vijiko vinne vya chai vya chumvi, vijiko viwili vikubwa vya kitunguu saumu kilichotwangwa, kijiko kikubwa cha bizari nyembamba iliyosagwa, kijiko cha chai cha pilipili manga, nusu kikombe cha mtindi na vijiko vinne vikubwa vya mafuta. Hakuna ndimu, tangawizi wala papai kwa sasa.

Kabla mchanganyiko huu haujaiona nyama, chota robo yake uweke kwenye kikombe kidogo chenye kifuniko. Hilo ndilo rojo lako safi la kupaka nyama iliyoiva, na ndilo linaloondoa haja ya kuokoa masalia. Robo tatu iliyobaki iingie kwenye nyama. Gawa kwenye vyombo viwili vya kina kifupi, funika, weka rafu ya chini. Ijumaa ugeuze mara moja kwa kijiko, siyo kwa mkono.

Jumamosi alasiri, saa moja na nusu kabla ya kuchoma, toa vyombo, changanya vijiko viwili vikubwa vya papai bichi lililosagwa, kijiko kikubwa cha tangawizi na maji ya ndimu mbili, kisha urudishe kwenye jokofu. Tunga kwenye vijiti mkaa unapokaribia kukolea. Kwa mpango huu chumvi imepata siku mbili, papai na ndimu vimepata muda wao mfupi, na ukomo wa siku mbili unafika pale nyama inapopanda jikoni.

Ijumaa jioni simu ikaja kwamba shughuli imesogezwa hadi Jumapili ya wiki ijayo. Usiongeze siku kwenye jokofu. Igawe nyama kwenye mifuko, ibonyeze iwe bapa, uitie kwenye friza usiku huohuo, ilhali papai halijaingia. Kugandisha kunasimamisha vijidudu bila kuviua, kwa hiyo siku iliyokwisha kutumika kabla ya kuganda bado inahesabiwa. Kuyeyusha kufanyike ndani ya jokofu tangu usiku wa kuamkia siku ya kuchoma, kamwe si juu ya meza, kwa sababu kingo za mfuko hupata joto masaa kadhaa kabla katikati haijaachia barafu.

Kilichobaki chini ya beseni

Baada ya kutunga nyama, pale chini hubaki rojo jepesi, jekundu. Wekundu huo si damu, ni majimaji ya nyama yenye rangi yake ya asili, pamoja na chembechembe za mafuta na nyuzi. Chumvi iliyokuwamo sehemu kubwa imehamia kwenye nyama, uchachu umepoozwa, na harufu za viungo zimefifia. Vilivyoongezeka ni maji, protini na vijidudu.

Ndiyo sababu halifai kulowekea nyama nyingine. Kwanza halina nguvu tena ya kukoleza. Pili, linahamisha vijidudu vya nyama ya juzi hadi kwenye nyama ya leo, na kuipa nyama ya leo umri wa ile ya juzi. Ubaya unazidi ikiwa rojo limetoka kwa kuku na linapelekwa kwa nyama ya ng'ombe. Kuku hubeba mara nyingi salmonela na jamaa zake, naye hupikwa mpaka katikati pafike nyuzi 74. Steki wengi huitoa mapema, kwa kuwa nyuzi 63 na dakika tatu za kupumzika zinatosha kwa mnofu mzima wa ng'ombe. Ukiilowesha kwenye masalia ya kuku, umeiletea vijidudu ambavyo hukupanga kuviua.

Je, kulipaka kwenye mishkaki iliyo motoni? Linaweza kupakwa mwanzoni, nyama ikiwa bado mbichi, kwa sharti kwamba kila upande uliopakwa upate moto kamili baadaye. Nyama ikishakaribia kuiva, rojo hilo likome. Anayepaka mara ya mwisho sekunde chache kabla ya kuitoa anamtilia mlaji majimaji mabichi juu ya nyama iliyoiva. Kwenye kijiwe tatizo ni kubwa zaidi, kwa sababu vijiti vibichi vinaongezwa muda wote kando ya vilivyoiva, na brashi moja inapita kote. Kinga yake haina gharama: bakuli mbili na brashi mbili, moja ya vibichi na moja ya vilivyoiva. Sinia iliyobeba vijiti vibichi nayo isipokee vilivyoiva kabla haijaoshwa kwa sabuni.

Kuligeuza kuwa mchuzi inawezekana, ila liive. Limimine kwenye sufuria ndogo, ongeza nyanya moja iliyosagwa na nusu kikombe cha maji, weka motoni mpaka litokote katikati, siyo kando tu, na uliache litokote dakika tano ukikoroga. Povu la kijivu litakalopanda ni protini zilizoganda. Lienguliwe. Onja chumvi mwishoni, usionje kabla ya kutokota. Likishaiva hesabu yake ni ya mchuzi wowote: lile leo, au likae kwenye jokofu siku tatu au nne.

Hata hivyo kuchemsha kuna mpaka. Stafilokoka ni bakteria anayeishi puani na kwenye ngozi ya watu wengi, hasa penye vidonda vya vidole. Akiingia kwenye rojo kwa mikono ya mtungaji na likaachwa kwenye joto kwa saa kadhaa, hutengeneza sumu ambayo kutokota hakuiharibu. Bakteria wanakufa, sumu inabaki, na walaji wanaanza kutapika saa chache baadaye. Kwa hiyo rojo linalofaa kuchemshwa ni lile lililotoka kwenye jokofu muda mfupi uliopita. Lililoshinda kando ya jiko tangu magharibi linamwagwa, hata likinukia vizuri kiasi gani.

Pua haitoshi

Nyama tupu ikianza kuharibika hujisema: harufu inageuka, uso unateleza, rangi inakuwa ya kijani kijivu. Nyama iliyo kwenye viungo imefichwa. Kitunguu saumu kinafunika harufu, mtindi na mafuta vinafunika utelezi, bizari inafunika rangi, na uchachu wa mtindi unafanana na uchachu wa kuoza. Tena vijidudu vinavyoleta maradhi si lazima vitoe harufu yoyote. Listeria, kwa mfano, anaweza kuongezeka taratibu hata kwenye ubaridi wa jokofu, na nyama isibadilike kwa macho.

Zipo dalili chache zinazopenya viungo: mapovu madogo yanayopanda kwenye rojo, kifuniko au mfuko uliovimba, ute unaovutika kama uzi ukiinua kipande, na harufu ya uchachu inayozidi siku hadi siku ilhali hukuongeza kitu. Ukiona moja ya hizi, nyama na rojo vyote vitupwe. Lakini kutoziona si hati ya usalama, na ndiyo maana kalenda inashinda pua. Bandika karatasi kwenye kifuniko uandike siku na saa nyama ilipoingia kwenye viungo, pamoja na aina yake. Kuku na vipande vya mishkaki vikifika siku mbili, vipikwe au viwe vimekwisha ingia kwenye friza. Mnofu mzima ukifika siku tano, vivyo hivyo. Na kama karatasi haipo, na hakuna nyumbani anayekumbuka iliwekwa lini, basi isipikwe.